Kiungo Kinachotaja Kinakokwenda

Anayezikumbuka tovuti za Kiswahili za miaka ya 2000 anayakumbuka pia maneno mawili yaliyotapakaa kila ukurasa, ya rangi ya buluu na yenye mstari chini yake: bonyeza hapa. Wengine waliandika bofya hapa, na simu za kugusa zilipoenea ikawa gusa hapa. Kitenzi kilibadilika kufuata kifaa, lakini ile “hapa” ilibaki palepale, na haikumwambia mtu hata siku moja huko anakopelekwa kuna nini. Nikitazama nyuma, naiona historia ya maneno ya kiungo, au linki kama wengi wasemavyo, kuwa ni historia ya swali moja: maneno yanayobonyezwa yanamhusu nani? Mwanzoni yalihusu mashine, kisha yakahusu kidole cha msomaji, kisha tamaa ya mwenye tovuti ya kuonekana, na mwisho ndipo yakaanza kuuhusu ukurasa unaofunguliwa. Hoja yangu ni kwamba hatua hii ya mwisho ndiyo iliyo sahihi, na ni sahihi zaidi kwa viungo vya ndani, yaani vile vinavyotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine wa tovuti ileile. Huko mwandishi anajua pande zote mbili za safari, kwa hiyo maneno yakimpotosha msomaji, hana wa kumsingizia.

Tuanzie mwanzo wenyewe. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alama aliyoichagulia kiungo ilikuwa herufi moja, `a`, kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Nanga hiyo iliweza kushika upande wowote: ikiwa na `href` ilionyesha mahali pa kwenda, ikiwa na `name` ilionyesha mahali pa kufikia. Maneno yaliyokuwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga ndiyo yaliyoonekana kwa msomaji. Lakini si wasomaji wote waliokuwa na kipanya. Kivinjari cha mistari, kilichotumika mwaka 1991 kwenye kompyuta zisizoonyesha chochote ila herufi, kiliweka namba katika mabano kando ya kila kiungo, na msomaji aliandika namba hiyo kwenye kibodi ili aende. Kwa mtu huyo, “bonyeza hapa” lilikuwa agizo lisilowezekana, maana hakuwa na cha kubonyezea. Ndiyo sababu Berners-Lee mwenyewe, katika mwongozo wake wa mapema wa uandishi wa matini zenye viungo, alishauri watu waandike sentensi inayosomeka vizuri hata ikichapishwa kwenye karatasi, bila kutaja kubonyeza. Ushauri huo ni mkongwe karibu sawa na wavuti yenyewe. Kilichochelewa ni sisi kuufuata.

Tulichelewa kwa sababu inayoeleweka, na hapo ndipo penye pingamizi la kwanza. Wapo wanaosema “bonyeza hapa” ilifanya kazi nzuri: watu walikuwa wageni wa mtandao, wengi wakilipia muda kwenye intaneti kafe, na aliyekuwa hajui kwamba maandishi ya buluu ni mlango alihitaji kuambiwa. Ni kweli, lakini agizo lile lilifundisha jambo ambalo mtu hujifunza mara moja tu, kisha likaendelea kurudiwa kwa miaka ishirini mahali ambapo pangeandikwa kitu cha kumfaa kila siku. Tena kuna msomaji ambaye agizo hilo halikumfaa hata siku ya kwanza. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Katika programu mbili zinazojulikana sana kwa kazi hiyo, JAWS na NVDA, akibonyeza `Insert` pamoja na `F7` hupata orodha ya viungo vya ukurasa, vikiwa vimeng’olewa kutoka katika sentensi zake. Ukurasa wenye viungo kumi na viwili vya mtindo wa zamani humsomea hivi: hapa, hapa, soma zaidi, hapa, soma zaidi, hapa, na kuendelea. Kwake yeye orodha hiyo ni sawa na jengo lenye milango kumi na miwili iliyoandikwa “mlango”. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu ililitaka jambo hili tangu 1999, kwamba kiungo kijulishe wazi kinakokwenda, na toleo la pili la Desemba 2008 likalisisitiza upya.

Hata hivyo, si huruma kwa wasioona iliyowafanya wenye tovuti waanze kuyatazama maneno ya viungo. Ni mitambo ya kutafuta. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa bado wanafunzi wa Stanford, walieleza katika makala yao jinsi mtambo wao, Google, ulivyofanya kazi. Walikiri kwamba wazo la kutumia maneno ya kiungo kuelezea ukurasa unaofikiwa lilikuwa limeshatumika na mtambo wa mwaka 1994 uliojulikana kama World Wide Web Worm. Wao walilitumia kwa upana zaidi: katika kurasa milioni 24 walizokusanya, waliorodhesha zaidi ya viungo milioni 259 pamoja na maneno yake. Sababu waliyoitoa ni nyepesi kueleweka. Mara nyingi watu wengine huueleza ukurasa vizuri kuliko ukurasa unavyojieleza. Zaidi ya hayo, picha au programu haina maandishi ya kusomwa na mashine, lakini kiungo kinachoielekea kinayo. Hivyo maneno ya kiungo yakahesabiwa kuwa mali ya ukurasa unaofikiwa, pamoja na ule yalimoandikwa. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Lile neno “hapa”, ambalo mwandishi aliliona kuwa kishikio tu cha kubonyezea, kumbe lilikuwa likihesabiwa kama maelezo, na lilieleza sifuri.

Watu walipong’amua hivyo, pendulumu ikaenda upande wa pili. Mwaka 2003 watu wengi walikubaliana kuweka viungo vyenye maneno ya Kiingereza ya kumkejeli mtu aliyeshindwa vibaya, vyote vikielekea ukurasa rasmi wa wasifu wa Rais George W. Bush. Aliyetafuta kejeli hiyo kwenye Google alikutana na wasifu wa rais, ingawa ukurasa wenyewe haukuwa na maneno hayo. Google walibadili mtambo wao Januari 2007 ili kuupunguza mchezo huo. Lakini biashara ya viungo vya kununuliwa, vyote vikirudia maneno yaleyale ya kuuzia, iliendelea mpaka Aprili 2012, badiliko lililopewa jina la Penguin lilipozishusha tovuti nyingi zilizojijenga hivyo. Kutokana na historia hiyo, wapo wanaoogopa hadi leo kuandika maneno yanayoeleza kwenye viungo vyao wenyewe, wakidhani wataadhibiwa. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Kiungo kutoka tovuti ya mtu mwingine ni ushahidi wa nje, na ushahidi ukinunuliwa ni uongo. Kiungo cha ndani ni kibao unachokiweka kwenye mlango wa chumba chako, na hakuna anayeshtakiwa kwa kuandika “jikoni” kwenye mlango wa jikoni. Kosa la ndani linalofanana na ule udanganyifu ni lile la kujaza chini ya kila ukurasa safu ya viungo thelathini vinavyotofautiana neno mojamoja, ambavyo hakuna msomaji anayevihitaji. Hilo ni kosa kwa sababu halimhudumii mtu yeyote. Kueleza hakujawahi kuwa kosa.

Nichukue mfano wa kubuni, ili tuone kazi yenyewe inavyofanywa. Tuseme ipo tovuti ya kilimo yenye makala kuhusu hifadhi ya mahindi baada ya mavuno. Makala hiyo inataja kwamba mahindi mabichi huota ukungu ghalani, na tovuti ina ukurasa mwingine unaoonyesha jinsi ya kupima unyevu bila mashine: unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia chumvi kavu na mahindi, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha. Mwandishi wa kwanza aliunganisha kurasa hizo kwa mtindo wa zamani. Mhariri akaandika upya. Hizi hapa sura mbili:

```html
Mahindi mabichi huota ukungu. Kujua zaidi
<a href="/kupima-unyevu">bonyeza hapa</a>.

Kabla ya kujaza magunia, jifunze
<a href="/kupima-unyevu">kupima unyevu wa mahindi
kwa chupa na chumvi</a>.
```

Tazama kilichobadilika. Anwani ni ileile, na maandishi yameongezeka kwa maneno machache tu. Lakini sasa msomaji anajua kabla ya kugusa kwamba atakuta njia, si nadharia, na kwamba njia hiyo haimtaki anunue kifaa. Mwenye bando dogo la intaneti anaweza kuamua kama inamfaa au la. Mtambo wa kutafuta nao unapata maneno matano yenye uzito, yaani kupima, unyevu, mahindi, chupa na chumvi, yakiuelezea ukurasa wa pili. Mhariri angeweza kukosea kwa njia mbili. Angeweza kukifanya kiungo neno “unyevu” peke yake, nalo lingekuwa jembamba mno, maana ukurasa wa unyevu ungeweza kuhusu hewa, udongo au ukuta wa nyumba. Au angekifanya kiungo sentensi nzima, tangu “Kabla” hadi “chumvi”, msomaji asijue neno lipi ndilo linalobeba ahadi. Kipimo kinachofaa ni kikundi cha maneno ambacho, kikikatwa na kuwekwa peke yake kwenye karatasi, bado kinaeleweka kuwa kichwa cha jambo fulani.

Faida kubwa ya viungo vya ndani, kwa maoni yangu, iko mahali ambapo wengi hawapatazami. Ukurasa una kichwa kimoja tu, lakini unaweza kuelekezwa na viungo kutoka makala kumi, na kila kimoja kinaweza kuutaja kwa maneno mengine ya kweli. Tuseme tovuti yetu ina ukurasa wenye kichwa “Dumuzi”, yule mdudu mharibifu wa mahindi. Tanzania wapo wanaomwita skania. Mkulima mwingine hajui jina lolote kati ya hayo, anachojua ni kwamba mahindi yake yana matundu na chini ya gunia pamejaa unga. Mwandishi asingeweza kuyarundika yote hayo kwenye kichwa kimoja bila kukiharibu. Lakini makala ya magunia inaweza kuunganisha kwa “dumuzi”, ile ya maghala ikaunganisha kwa “skania, yaani dumuzi”, na ile ya dalili za uharibifu ikaunganisha kwa “mdudu anayetoboa mahindi na kuacha unga”. Kwa njia hiyo ukurasa unapata majina ambayo wasomaji wanayo vinywani. Kuna mpaka mmoja tu usiovukwa. Kama ukurasa unamweleza mdudu na maisha yake bila kugusa dawa, hakuna kiungo kinachoruhusiwa kusema “dawa ya dumuzi”, hata kama maneno hayo ndiyo yanayotafutwa na wengi. Msomaji akifika asiikute dawa, atarudi nyuma, na safari nyingine hataviamini viungo vyako hata vile vya kweli.

Kiswahili kina jambo lake katika kazi hii, na Wikipedia imeliweka wazi. Mbinu ya wiki za mwanzo, ile aliyoizindua Ward Cunningham mwaka 1995, ilikuwa kali: jina la ukurasa lenyewe, lililoandikwa kwa kuunganisha maneno yenye herufi kubwa, ndilo lililokuwa kiungo. Hapakuwa na nafasi ya kuandika “hapa”. Wikipedia iliilegeza mbinu hiyo kwa mabano mraba, na programu yake ikamruhusu mwandishi kubandika herufi mwishoni mwa mabano zikawa sehemu ya kiungo. Kwa Kiingereza hilo linatosha, kwa kuwa wingi wa maneno yake mengi huja mwishoni. Kwa Kiswahili linatosha nusu tu. Ukitaka “shuleni”, unaandika `[[shule]]ni`, na kazi imekwisha. Lakini wingi wetu huja mwanzoni, na hakuna herufi ya kubandika mbele ya mabano itakayokigeuza kitabu kuwa vitabu. Inabidi kutaja ukurasa na maneno yake kwa kutenganisha: `[[kitabu|vitabu]]`, `[[mwalimu|walimu]]`. Usumbufu huo mdogo una somo ndani yake. Unamlazimisha mwandishi wa Kiswahili ajiulize kila mara anakwenda wapi na anapaitaje, maswali mawili ambayo “bonyeza hapa” humwezesha kuyakwepa. Sarufi yetu pia inatufichulia kiungo kibovu. Tukikifanya kiungo neno “hiki”, tumesema tu kwamba huko kuna kitu cha ngeli ya ki-vi. Kinaweza kuwa kitabu, kituo au kidonda.

Pingamizi lenye nguvu zaidi leo ni hili: mitambo ya kutafuta imeerevuka, inausoma ukurasa wenyewe na kuuelewa, basi maneno ya kiungo yamebaki na kazi gani? Sehemu ya kwanza nakubaliana nayo. Maneno ya kiungo ni dalili moja kati ya nyingi, na hayawezi kuufanya ukurasa dhaifu uonekane bora. Lakini Google wenyewe, katika miongozo yao kwa wenye tovuti, bado wanataka maneno ya kiungo yawe mafupi, yaeleze, na yahusiane na kurasa za pande zote mbili, nao wanayataja maneno kama “bonyeza hapa” kuwa mfano mbaya. Sababu haijafutika: kurasa mbili za tovuti moja zinazokaribiana mada, mmoja wa kukausha mahindi na mwingine wa kupima ukavu wake, zina maneno mengi ya pamoja, na mwenye tovuti akizitaja kwa majina tofauti anasaidia kuonyesha upi ni wa swali lipi. Wengine husema muktadha unatosha, kwamba sentensi iliyotangulia “hapa” imeshaeleza. Miongozo ya ufikivu inalikubali hilo katika ngazi yake ya chini kabisa, lakini kwa anayesoma orodha ya viungo, au anayepitisha jicho haraka akitua kwenye maneno ya buluu tu, muktadha haupo. Kinachoruhusiwa si lazima kiwe ndicho kinachofaa.

Ugonjwa huu wa viungo visivyoeleza una kipimo kisichohitaji mtaalamu. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, fungua konsoli ya kivinjari, kisha andika mstari huu:

```js
document.querySelectorAll('a[href]').forEach(a =>
  console.log(a.textContent.trim(), '|', a.href))
```

Utapata maneno ya kila kiungo na anwani yake, bila sentensi za kuyasaidia. Tafuta dalili tatu. Ya kwanza ni maneno yaleyale yanayokwenda kurasa tofauti, kama “soma zaidi” nane zenye anwani nane. Hizo huzaliwa mara nyingi na orodha za makala za ukurasa wa mwanzo, na tiba yake ni kukifanya kichwa cha makala kuwa kiungo, kisha kuiondoa “soma zaidi” au kuifuatisha na jina la makala. Ya pili ni mstari usio na maneno kabisa kabla ya ule mstari wima. Hapo mara nyingi kiungo ni picha, na maneno yake yanatakiwa kuwa katika `alt` ya picha hiyo, yakieleza ukurasa unaofunguliwa badala ya rangi na umbo la picha. Ya tatu haionekani kwa jicho la haraka: maneno mazuri yanayokwenda ukurasa ambao umebadilika. Makala iliyokuwa ya bei za msimu fulani ikiandikwa upya kuwa ya masoko kwa jumla, viungo vyote vya zamani hubaki vikiahidi bei. Hakuna programu itakayoligundua kosa hilo kwa uhakika. Hata ripoti ya viungo vya ndani ya Search Console huonyesha idadi ya viungo vinavyoelekea ukurasa, lakini haionyeshi maneno yake. Inabidi mtu asome.

Ndiyo maana nasema badiliko la miaka hii thelathini na ushee, pamoja na hila zake zote, liliturudisha kwenye kazi ya kawaida ya mhariri. Namba ya kivinjari cha mistari haikudanganya wala haikueleza. “Hapa” ilielekeza kidole na kusahau safari. Maneno ya kununuliwa yalieleza kile ambacho mwenye tovuti alitaka kiaminiwe. Kinachobaki ni mwandishi aliyeusoma ukurasa wa pili kabla ya kuuandikia kiungo, akajua una nini na hauna nini, kisha akachagua maneno manne au matano ambayo mkulima mwenye chupa na chumvi mkononi atayatambua kuwa ndiyo aliyokuwa akiyatafuta.